Rekodi ya Semina ya Mtandaoni: Ipakue Kabla Linki Haijafa, Ibane Bila Kupoteza Maandishi

Semina nyingi za mtandaoni huisha kwa ahadi ileile: "Rekodi tutawatumia." Siku moja au mbili baadaye linki inaingia kwenye barua pepe au kundi la WhatsApp, watu wanashukuru, na wengi hawaifungui. Wanaamini itakuwepo siku watakapoihitaji. Mwezi unapita, mtu anakumbuka kuna jambo mwezeshaji alilieleza vizuri, anabofya linki na kukuta ukurasa unamwambia kwamba rekodi haipo tena.

Linki si rekodi. Linki inaonyesha njia tu ya kufika kwenye faili lililo katika hifadhi ya mwandaaji, huko wanakokuita wingu, na hifadhi hiyo anailipia yeye. Makala hii inashughulikia rekodi za Zoom, kwa kuwa ndizo zinazosambazwa sana, na inafuata faili moja tangu linki inapofika hadi linapokaa salama kwenye diski yako likiwa limepungua ukubwa.

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho. Katibu wa chama cha kuweka na kukopa alihudhuria semina ya saa 2 kuhusu utunzaji wa hesabu. Sehemu kubwa ya muda mwezeshaji alikuwa akionyesha jedwali la Excel lenye tarakimu ndogo ndogo, huku uso wake ukionekana pembeni katika kisanduku kidogo. Katibu anataka rekodi hiyo ibaki ofisini ili wajumbe wapya wa bodi waitazame, lakini kompyuta ya ofisi imekaribia kujaa.

Kwa nini usisubiri

Rekodi ya wingu hupotea kwa njia kuu tatu. Ya kwanza, mwandaaji anaweza kuiwekea linki tarehe ya kuisha. Ya pili, akaunti yake inaweza kuwa imepangwa kufuta rekodi zenyewe baada ya siku kadhaa. Ya tatu, na hii hutokea sana, nafasi aliyolipia inajaa, naye anafuta za zamani ili apate pa kuweka mpya.

Ukikuta imefutwa, usikate tamaa papo hapo. Zoom huweka rekodi iliyofutwa kwenye kapu la takataka kwa siku 30 kabla haijaondoka kabisa, na ndani ya muda huo mwenye akaunti anaweza kuirudisha. Mwandikie siku hiyohiyo, umtajie jina la semina na tarehe yake. Siku 30 zikishapita, hata yeye hana la kufanya.

Kupakua

Fungua linki kwenye kivinjari cha kompyuta ikiwezekana. Ukurasa ukiomba Passcode, nakili nenosiri lililotumwa pamoja na linki na ulibandike kama lilivyo, maana mara nyingi lina alama kama $ au & na herufi kubwa na ndogo zinazochanganywa. Angalia usiburute na nafasi tupu mwanzoni au mwishoni. Nafasi moja tu inatosha kulifanya likataliwe.

Rekodi ikifunguka, tafuta kitufe cha Download upande wa juu. Kama hakipo, si kwamba kompyuta yako ina tatizo. Mwandaaji hajaruhusu watazamaji kupakua. Katika dirisha la kushiriki rekodi, kwenye akaunti yake, kuna mpangilio ulioandikwa Viewers can download. Akiuwasha, kitufe kinatokea kwenye linki ileile uliyonayo. Mwombe kwa maneno hayohayo, kwa sababu waandaaji wengi hawajui kwamba mpangilio huo umezimwa. Akikataa, heshimu uamuzi wake. Kwenye semina kuna sura na majina ya watu ambao huenda hawakukubali kusambazwa, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinalinda taarifa za namna hiyo.

Ukibofya Download, mara nyingi hushuka zaidi ya faili moja. Linaloishia na .mp4 ni video. Linaloishia na .m4a ni sauti peke yake. Kunaweza pia kuwa na la .vtt lenye maneno yaliyosemwa, na la .txt lenye ujumbe walioandikiana washiriki. Kivinjari kinaweza kuuliza kama unaruhusu ukurasa huo ushushe mafaili mengi kwa pamoja. Ukikataa bila kujua, utapata moja tu na kudhani mengine hayakuwepo.

Kabla ya kushusha kila kitu, jiulize unachohitaji ni kipi. Semina ambayo watu walikuwa wakizungumza tu, bila kuonyesha chochote, inatosha kuhifadhiwa kwa faili la sauti. Saa 2 za mazungumzo kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 58. Katibu wetu hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa somo lake liko kwenye jedwali, lakini wengine wengi wanaweza.

Jina la faili la video huwa na sura kama hii:

```
GMT20250514-110245_Recording_1920x1080.mp4
```

Jina hilo lina habari muhimu. Rekodi ilianza tarehe 14 Mei 2025, saa 11:02:45 kwa saa za GMT. Afrika Mashariki tuko mbele ya GMT kwa saa 3, kwa hiyo hapa kwetu ilikuwa saa 8 na dakika 2 mchana. Tarakimu za mwisho zinaeleza ukubwa wa picha: nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Mtu aliyehudhuria semina mbili siku moja atajua ipi ni ipi kabla hata ya kuzifungua.

Hakikisha limefika zima

Faili la katibu lina MB 900. Kwa mtandao unaosuasua, upakuaji wa namna hiyo unaweza kukatika katikati, na hatari kubwa ni kuamini umemaliza kumbe bado.

Dalili ya kwanza iko kwenye jina. Chrome huweka .crdownload mwishoni mwa faili ambalo halijakamilika. Usilibadilishe jina kwa mkono ukidhani umelitengeneza. Dalili ya pili ni ukubwa. Linganisha MB zilizoonyeshwa na kivinjari wakati wa kupakua na zile za faili lililo kwenye diski. Dalili ya tatu ni video kukataa kufunguka kabisa. Faili la MP4 lina sehemu inayoeleza kila kipande cha picha na sauti kiko wapi, na sehemu hiyo ikiwa imewekwa mwishoni, faili lililokatika linabaki bila ramani. Hata kama asilimia 95 imeshuka, kichezeshi hakijui pa kuanzia.

Upakuaji ukikatika, bofya Resume kwenye orodha ya vipakuliwa vya kivinjari. Ikigoma, rudi kwenye ukurasa wa rekodi, weka nenosiri upya, uanze tena, kwa sababu ruhusa uliyopewa na ukurasa huo huisha baada ya muda. Tenga bando linalozidi ukubwa wa faili, au fanya kazi hiyo mahali penye Wi-Fi. Kumbuka pia kwamba kuitazama rekodi mtandaoni nako kunakula bando kila unaporudia. Aliyepakua analipa mara moja.

Video ikishafika, ruka hadi dakika za mwisho uzitazame. Ukimwona mwezeshaji anaaga, unayo yote.

Uzito wa video unatoka wapi

Ukubwa wa faili la video unategemea mambo mawili tu: ni data kiasi gani inatumika kwa kila sekunde, na sekunde ni ngapi. Faili la katibu ni MB 900 kwa saa 2, yaani sekunde 7,200. Zidisha 900 kwa 8 kupata megabiti, gawanya kwa 7,200, unapata megabiti 1 kwa sekunde. Hesabu hii ndogo inakuambia kama kuna cha kupunguza. Kwa semina ya jedwali na slaidi, ambayo picha yake hukaa tuli kwa dakika nzima, megabiti 1 ni nyingi, kwa hiyo kuna cha kupunguza. Lakini kama rekodi yako ya saa 2 ina MB 200 tayari, iache ilivyo. Zoom yenyewe huwa imeshaibana, na ukiibana tena kwa pupa unaweza kupata faili baya zaidi, au hata kubwa zaidi.

Usihangaike na ZIP. ZIP hutafuta marudio ndani ya faili na kuyafupisha, na video ya MP4 imeshaondolewa marudio hayo. Utapata faili lenye ukubwa uleule, na usumbufu wa kulifungua juu yake.

Tovuti zinazojitangaza kubana video bure nazo ziepuke kwa kazi hii. Utalazimika kupakia MB 900, kisha upakue tena matokeo, na katikati yake umeacha sura na sauti za washiriki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Punguza kwa mpangilio

Programu inayofaa ni HandBrake. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na video haitoki kwenye kompyuta yako. Ichukue kwenye tovuti yake yenyewe, handbrake.fr. Ukiifungua, bofya Open Source, chagua faili lako, kisha kwenye Presets chagua Fast 1080p30. Huo ni mwanzo tu; faida kubwa iko kwenye mambo manne utakayobadilisha, na mpangilio wake una maana. Anza na yale ambayo mtazamaji hatayakosa, umalizie na yale yanayoweza kumuumiza.

La kwanza ni sauti. Nenda kwenye Audio, weka Mixdown kuwa Mono na Bitrate kuwa 64. Mtu mmoja anayezungumza hahitaji spika mbili. Kama sauti ya awali ilikuwa kilobiti 128, saa 2 zilikuwa zinachukua MB 115. Sasa zitachukua 58, na sikio halitatofautisha.

La pili ni idadi ya fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde. Kwenye Video, weka Framerate kuwa 10 na uchague Peak Framerate, ili programu isizidishe hapo. Jedwali lililosimama halibadiliki kwa kuonyeshwa mara 10 au mara 30. Kitakachoonekana ni uso wa mwezeshaji kusogea kwa kushtuka-shtuka kidogo, jambo lisiloharibu somo. Ila kama semina yako ilikuwa na filamu ndani yake, au mtu anaonyesha kazi ya mikono kama kushona au kufunga bandeji, usishuke chini ya 20, maana mwendo wenyewe ndio somo.

La tatu ni ubora. Palepale kwenye Video kuna Constant Quality yenye kipimo cha RF. Kipimo hiki kinakwenda kinyume na tunavyotarajia: namba ikipanda, ubora unashuka na faili linapungua. Kwa slaidi na majedwali anza na 26. Ukifika 30, kingo za herufi zinaanza kuota ukungu. Hakikisha Video Encoder ni H.264 (x264). Zipo mbinu mpya zinazobana zaidi, lakini H.264 inachezwa hata na kompyuta na simu za zamani, na rekodi ya ofisi inatakiwa ifunguke popote.

La nne, na la mwisho, ni ukubwa wa picha, unaoupata kwenye Dimensions. Watu wengi huanzia hapa kwa kuwa ndiko wanakokujua: wanashusha 1080 kuwa 720 au 480, halafu wanashangaa maandishi hayasomeki. Picha ya nukta 1080 ikishushwa hadi 720, herufi iliyochorwa kwa nukta 12 za kimo inabaki na 8 tu. Hapo ndipo 3 na 8 zinapofanana. Kwa slaidi zenye maandishi makubwa 720 inatosha. Kwa jedwali, jaribu kwanza.

Jaribu dakika 2 kabla ya saa 2

Usibane rekodi nzima kwa kubahatisha. Kwenye kompyuta ya zamani kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. HandBrake ina sehemu ya Range. Ibadilishe kutoka Chapters iwe Seconds, kisha andika mwanzo na mwisho wa kipande cha dakika 2. Chagua kipande kigumu: pale ambapo tarakimu ni ndogo kuliko zote na mwezeshaji anahama kutoka ukurasa mmoja wa jedwali kwenda mwingine. Kipande chepesi kitakudanganya.

Katibu wetu alichagua dakika ya 40 hadi ya 42, ambapo mwezeshaji anapitia safu ya marejesho ya mikopo. Kwanza alijaribu kwa kimo cha 720. Akapata faili la MB 3. Saa 2 zina vipande 60 vya dakika 2, kwa hiyo rekodi nzima ingekuwa MB 180 hivi. Ni punguzo zuri sana, lakini alipofungua kipande hicho kwenye skrini nzima na kusoma safu ya marejesho, 38,500 ilisomeka kama 33,500. Kwa semina ya hesabu, hilo peke yake linatosha kukataa.

Akarudisha 1080, akaacha mengine kama yalivyokuwa: fremu 10, RF 26, sauti ya 64. Kipande kikawa MB 4, na tarakimu zote zikasomeka. Mara 60 ni MB 240. Tofauti ya MB 60 ndiyo gharama ya kuweza kusoma namba, na ni gharama ndogo, kwa sababu picha tuli haili nafasi nyingi hata ikiwa kubwa. Alirudisha Range iwe rekodi nzima, akachomeka kompyuta kwenye umeme, akaandika jina jipya kwenye Save As na kubofya Start Encode.

Anayependelea kuandika amri anaweza kutumia ffmpeg, nayo ya bure, kwa kazi hiyohiyo:

```
ffmpeg -i semina.mp4 -vf fps=10 -c:v libx264 -crf 26 -c:a aac -b:a 64k -ac 1 semina-ndogo.mp4
```

Hapo crf ni kipimo kilekile cha ubora, fps ni fremu, na ac 1 ni sauti ya mono. Kujaribu kipande cha dakika 2 tu, ongeza `-ss 00:40:00 -t 120` kabla ya `-i`.

Kagua kabla ya kufuta

Faili jipya likimalizika, usikimbilie kufuta la zamani. Angalia kwanza muda: mafaili mawili yawe na urefu uleule, tofauti ya sekunde moja si kitu. Kisha angalia kama midomo na sauti vinakwenda pamoja mwanzoni, katikati na mwishoni. Rekodi za mikutano huwa na fremu zisizolingana kasi kutoka dakika hadi dakika, na kosa la kubana hujitokeza kwa sauti kuachana na picha polepole; dakika ya 5 huoni kitu, dakika ya 110 mwezeshaji ameshamaliza kusema ndipo ukurasa unabadilika. Ukikuta hivyo, bana upya ukiacha Framerate kwenye Same as source pamoja na Variable Framerate. Faili litakuwa kubwa kidogo, lakini vitu vitakwenda sambamba. Mwisho, soma namba au mstari mdogo kuliko yote ulioonyeshwa kwenye semina nzima.

Ikipita mitihani hiyo mitatu, lipe faili jina ambalo mtu mwingine atalielewa, kwa mfano `2025-05-14-semina-hesabu.mp4`. Tarehe ikianza na mwaka, mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Weka nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje au flashi inayokaa mahali pengine. Faili la ujumbe wa washiriki, kama lina namba za simu na maswali binafsi ya watu, usiliweke wazi pamoja na video.

Ukitaka kumtumia mwenzako kwa WhatsApp, na mwandaaji ameruhusu kusambaza, itume kama Document, si kama video ya kawaida. Ikipita kama video, WhatsApp huibana upya kwa vigezo vyake, na kazi yote ya kulinda tarakimu inapotea njiani. Kama hati, inafika ilivyo, na WhatsApp inapokea hati za hadi GB 2.

Rekodi ya MB 900 imekuwa MB 240, karibu robo yake, na kila namba bado inasomeka. Kama una linki ya semina uliyoahidi kuitazama baadaye, ifungue leo na ushushe faili. Kubana kunaweza kusubiri hadi mwisho wa wiki, linki haisubiri.